Kabla ya Bango Jipya, Funga Ghala la Violezo

Wafanyabiashara wengi wadogo wanaojitengenezea matangazo kwa simu hawana tatizo la nembo. Tatizo lao ni kwamba kila tangazo linaanza upya. Leo mtu anafungua Canva, anatafuta kiolezo cha chakula, anachagua kilichompendeza, anabadilisha maneno, anaweka bei na namba ya simu, anarusha. Wiki ijayo anatafuta kingine. Kila kiolezo kilichorwa na mtu mwingine kwa rangi zake na fonti zake, na kila kimoja kinapendeza kikiwa peke yake. Vikipangwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, vinaonekana kama matangazo ya maduka kumi. Msimamo wangu ni huu: zana za bure zinatosha kabisa kumpa mtu mwonekano mmoja unaotambulika, kwa sharti kwamba aache kuchukua violezo vya ghalani, atengeneze vyake vitatu kwenye ukurasa mtupu, na kila rangi na fonti aichote kwenye karatasi moja ya kumbukumbu.

Nieleze kwanza mwonekano unavyopotea, maana watu wengi hudhani unapotea kwa uzembe. Nina mteja mmoja Tanga, mama anayesaga na kufungasha viungo: binzari, mdalasini, iliki, viungo vya pilau. Rangi yake alishaichagua mwenyewe zamani, manjano ya binzari. Siku moja alinipangia mezani paketi, kadi ya biashara na kipande cha bango la flexi, akaniuliza, "Kaka, zote hizi niliwaambia manjano ileile. Sasa ipi ndiyo yangu?" Paketi ilikuwa na manjano iliyokolea, kadi ilielekea rangi ya chungwa, na bango lilikuwa limepauka kama maua ya maboga ya jana.

Hakuna aliyemdanganya. Kadi ilitangulia, na aliyeichora alitumia rangi yenye namba #F2B705. Namba hiyo ndiyo rangi yenyewe kwa lugha ya skrini: tarakimu mbili za kwanza ni kiasi cha wekundu, mbili za kati ni kijani, mbili za mwisho ni buluu. Lakini namba haikuandikwa popote. Ulipofika wakati wa kutengeneza paketi, kijana wake alichukua picha ya kadi iliyokuwa imetumwa kwa WhatsApp, akaigusa kwa kifaa cha kuchotea rangi, akapata #EDAF1C. Baada ya hapo mtu wa bango akachota rangi kwenye picha ya paketi, naye akapata nyingine. WhatsApp ikituma picha huibana ili iwe nyepesi, na kubana huko huchanganya kidogo rangi za nukta zinazopakana, hasa kandokando ya herufi. Picha iliyopigwa kwa kamera ni mbaya zaidi, kwa sababu inabeba pia mwanga wa taa ya chumbani. Kila aliyenakili alinakili kutoka kwenye nakala, na kila nakala ilisogea kidogo. Kusogea kwa hatua moja hakuonekani kwa macho. Hatua ya tatu na ya nne ndiyo hiyo aliyoniwekea mezani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kuchora chochote. Tulifungua ukurasa mtupu wa Canva, tukaupa jina "00 CHAPA" ili ukae juu ya kazi nyingine zote, tukaweka miraba mitatu ya rangi, na chini ya kila mraba namba yake. Manjano ikabaki #F2B705. Maandishi yote tukayapa hudhurungi nzito, #3B1F14. Mandhari ya nyuma tukaipa rangi ya malai, #FFF7E6. Toleo la bure la Canva lina sehemu inayoitwa Brand Kit, ila limeibana sana, na ukurasa huu unafanya kazi ileile bila kulipa senti. Unaunakili, unaugusa, unaandika namba. Unaweza hata kuukariri.

Rangi tatu zinaonekana chache kwa mtu aliyezoea kuona vivuli vyote vya upinde wa mvua kwenye simu yake. Ninasisitiza tatu kwa sababu kila moja ina kazi yake, na rangi isiyo na kazi huishia kutumiwa ovyo. Malai ni uwanja; inachukua sehemu kubwa ya ukurasa. Hudhurungi ni sauti. Kila neno linalosomwa limeandikwa kwa rangi hiyo. Manjano ni alama. Inakaa kwenye ukanda wa chini, kwenye duara la bei, mahali macho yanapotakiwa kutua. Palipo na manjano, maandishi juu yake ni hudhurungi. Herufi haziandikwi kwa manjano hata siku moja.

Sharti hilo la mwisho lina hesabu nyuma yake. Kuna kipimo cha kimataifa cha tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake, kinachotumiwa na watengeneza tovuti ili hata mwenye macho hafifu aweze kusoma. Kwa maandishi ya kawaida tofauti isipungue 4.5 kwa 1; kwa maandishi makubwa isipungue 3 kwa 1. Ukiingiza namba za rangi kwenye ukurasa wa bure wa WebAIM Contrast Checker, unapata jibu papo hapo. Manjano ya mama yule juu ya nyeupe inatoa takribani 1.8 kwa 1, yaani hata kichwa cha habari kikubwa hakisomeki vizuri. Hudhurungi yake juu ya manjano hiyohiyo inatoa zaidi ya 8, na juu ya malai inafika 14. Mchoraji aliyekaa ofisini kwenye feni anaweza kuona herufi za manjano juu ya nyeupe zinapendeza. Mteja anayeangalia stetasi akiwa kituoni saa saba mchana, mwanga wa simu umepunguzwa ili kulinda chaji, haoni kitu.

Fonti ndilo eneo ambalo violezo vya ghalani vinatuponza kuliko yote. Vingi vimechorwa kwa kichwa cha habari cha neno moja fupi lililoandikwa kwa herufi kubwa mno. Sisi tunataka kuandika "Tumeleta mdalasini wa kusaga" au "Tunapokea oda za sikukuu." Maneno yetu hubeba mtenda, wakati na kitendo mahali pamoja, kwa hiyo ni marefu. Ukiyaingiza kwenye nafasi ya neno fupi, yanakatika mistari mitatu au yanavuka ukingo. Mtu anafanya nini? Anapunguza ukubwa wa herufi mpaka yatoshe. Kesho kichwa kingine ni kifupi, anaukuza. Hapo ndipo ukubwa wa herufi unapoanza kupanda na kushuka tangazo hadi tangazo, na jicho la mteja linalisoma hilo kama sauti tofauti hata kama fonti ni moja.

Dawa ni kuchagua fonti nyembamba kwa vichwa vya habari tangu mwanzo. Kwa mama wa viungo tulichukua Oswald, ambayo herufi zake zimesimama wima na kubanana, hivyo mstari mmoja unabeba maneno mengi bila kushushwa ukubwa. Kwa maelezo na bei tukachukua Open Sans, iliyo wazi na inayosomeka ikiwa ndogo. Zote mbili zimo Canva, zimo Google Fonts ambako unazipakua bure na leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara, na zimo kwenye Google Docs. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Orodha ya bei kwa wenye maduka, ankara na barua ya kuomba tenda haziandikwi Canva. Kama fonti yako inapatikana ndani ya programu moja tu, karatasi hizo zitaandikwa kwa fonti nyingine, na mwonekano wako unaishia kwenye mitandao. Isitoshe, toleo la bure la Canva halikuruhusu kupakia fonti kutoka nje, kwa hiyo anza na iliyoko pande zote.

Kabla ya kuikubali fonti yoyote, iandikie mstari wa majaribio wenye vitu vinavyoumiza: neno lenye ng', bei, namba ya simu. Fonti nyingi za mapambo huweka kitone cha ng' mbali na herufi, neno likaonekana limekatika katikati, na nyingine zina sifuri isiyotofautiana na herufi O. Fonti za mwandiko wa kalamu, zile zenye mikia, ndizo zinazopendwa na wauza keki na wapambaji. Nazikataa kwa kila kitu kinachotakiwa kusomwa. Namba ya simu iliyoandikwa kwa mikia inapigwa kimakosa, na mwenye duka hatajua kamwe ni oda ngapi zilizopotelea hapo.

Sasa violezo vyenyewe. Anayetaka kujua kiolezo kizuri kinafanyaje kazi aitazame kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji, yaani maneno yaliyokaa mahali pake. Mji hubadilika, jina hubadilika, rangi hubadilika, na bado hakuna anayeichanganya kanga na kitenge. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa liliongeza kitu kimoja juu ya mpangilio huo: alama ileile, "K.H.E. - Mali ya Abdulla", iliyochapwa kwenye kitambaa, toleo baada ya toleo. Kisichobadilika ndicho kinachomtambulisha mwenye mali, na kinachobadilika ndicho kinachomfanya mteja atazame tena.

Tulitengeneza vitatu. Cha kwanza ni cha posti, pikseli 1080 kwa 1350. Cha pili ni cha stetasi na stori, 1080 kwa 1920. Cha tatu ni lebo ya paketi, milimita 70 kwa 100. Katika vyote, ukanda wa manjano unakaa chini na unachukua sehemu ya sita ya urefu. Nembo inakaa kona ya juu kushoto kwa ukubwa uleule. Kichwa cha habari kinaanzia ukingo wa kushoto na kina nafasi ya mistari miwili, hakiwekwi katikati hata kikiwa kifupi. Picha inakaa kwenye mraba uliobaki. Sehemu ya juu na ya chini ya stori hufunikwa na jina la mwenye akaunti na kisanduku cha kujibu, kwa hiyo tuliacha takribani pikseli 250 juu na 340 chini bila maandishi yoyote. Wengi huweka namba ya simu hukohuko chini kabisa, kisha wanashangaa kwa nini watu wanauliza namba kwenye jumbe.

Toleo la bure halibadilishi ukubwa wa kazi kwa kitufe kimoja. Huduma hiyo inalipiwa. Ndiyo maana tulichora vitatu kwa mkono, na sioni hasara. Anayebonyeza kitufe hicho anapata herufi zilizosogezwa na mashine ambazo lazima azipange upya. Tukishamaliza, kiolezo hakihaririwi tena. Kila tangazo jipya linaanza kwa "Make a copy", linapewa jina lenye tarehe, na mabadiliko yanafanyika kwenye nakala. Ni nakala ya aina nyingine kabisa na ile ya WhatsApp, kwa kuwa humu namba za rangi husafiri zilivyo.

Kipimo cha mwisho kabla ya kurusha hakihitaji programu. Fungua tangazo kwenye simu kwa upana wake wa kawaida bila kulikuza, na uweke pembeni simu nyingine iliyofunguliwa ujumbe mfupi wa kawaida. Kama herufi zako ndogo kabisa ni ndogo kuliko za ujumbe ule, ongeza ukubwa kwenye kiolezo. Usiongeze kwenye tangazo lile tu.

Uchapaji ndio unaovunja mioyo. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, kiwanda cha uchapaji hutengeneza rangi kwa wino wa aina nne: samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi. Baadhi ya rangi za skrini, hasa kijani kinachong'aa na buluu ya umeme, haziwezekani kwa wino huo. Zikifika kwenye karatasi zinafubaa, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha. Manjano ya binzari ina bahati kwa sababu inakaribia wino wenyewe. Hata hivyo nilimwambia mama asikubali kazi yoyote kubwa bila kipande cha majaribio kilichochapwa kwenye malighafi ileile, stika kwa stika na flexi kwa flexi. Kipande kilichokubalika kinatunzwa ndani ya bahasha, mbali na jua, na vipimo vya wino alivyotumia fundi vinaandikwa kwenye ukurasa wa "00 CHAPA" chini ya namba ya skrini. Siku fundi akibadilika, huyo mpya anapewa kipande na vipimo. Hapewi picha.

Kosa kubwa tulilikuta kwenye mifuko ya khaki. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, wafungashaji wengi wameipenda karatasi ya khaki, na ni kweli inapendeza. Lakini wino wa kuchapia ni mwangavu. Rangi ya karatasi hupenya na kuchanganyika nao. Manjano juu ya khaki inageuka rangi ya matope, na malai haichapiki kabisa, maana ni karatasi nyeupe iliyoguswa na wino kidogo sana. Kwa khaki tukatengeneza toleo la wino mmoja, hudhurungi peke yake, na manjano ikaja kama stika iliyochapwa kwenye karatasi nyeupe na kubandikwa juu ya mkunjo wa mfuko. Ikawa ndiyo inayofunga mfuko. Kwenye lebo zenyewe, uzito, viambato na tarehe ya kuisha muda tuliviandika kwa wino mweusi mtupu, si hudhurungi. Hudhurungi huchapwa kwa kupandanisha wino kadhaa, na karatasi ikisogea hata kidogo mashinani, herufi ndogo zinatoka na kivuli. Kivuli hicho ndicho cha kukagua kwanza unapopokea mzigo.

Faili la kupeleka kwa mchapaji ni PDF, lile ambalo Canva inaliita "PDF Print", lenye milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Ndani ya PDF maandishi hubaki maandishi, hivyo yanakuzwa bila kuharibika. Picha ya posti ya pikseli 1080 ikitandazwa kwenye bango la mita mbili inabaki na nukta zisizofika 14 kwa kila inchi, na herufi zinatoka na meno kama ya msumeno.

Kuna hoja tatu ninazoambiwa mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba lazima upate rangi ambayo hakuna mwingine anayo. Vodacom na Airtel wote ni wekundu, vibanda vyao vinatazamana barabara nzima, na sijaona mtu aliyetoa pesa kwa wakala wa kampuni moja akidhani ni ya nyingine. Kinachotofautisha ni mpangilio mzima unaorudiwa: umbo, herufi, mahali rangi inapokaa. Ya pili ni kwamba kurudia kunachosha watu. Anayechoka ni mwenye duka, kwa sababu yeye ameyaona matangazo yote. Mteja ameona mawili matatu, akiwa na haraka, kati ya mamia ya picha za wengine. Unapofika wakati wewe unakinai kiolezo chako, yeye ndiyo kwanza anaanza kukikumbuka.

Ya tatu ni kwamba ukilipia, mwonekano utatengemaa. Toleo la kulipia linaleta fonti zako, picha isiyo na mandhari ya nyuma, faili la wino na kitufe cha kubadili ukubwa. Vyote vina faida kwa mwenye matangazo mengi kila siku. Lakini linaleta pia violezo vingi zaidi, na asiye na ukurasa wa kumbukumbu anapata tu njia nyingi zaidi za kupotea. Kwanza weka nidhamu kwenye toleo la bure kwa msimu mzima, kisha uhesabu ni huduma gani hasa iliyokukwamisha.

Kuna mahali pamoja ambapo ghala la violezo lina hatari ya kisheria, nayo ni nembo. Michoro ya Canva inapatikana kwa kila mtumiaji. Masharti yake hayaruhusu kusajili kama alama ya biashara nembo iliyojengwa kwa michoro hiyo, kwa kuwa si yako peke yako. Mama wa Tanga alikuwa na jani na kijiko vilivyotoka ghalani, na siku angefika BRELA kuomba usajili angekuwa anadai mali ya wote. Maumbo ya kawaida kama duara na mstari, pamoja na fonti, hayana kizuizi hicho. Tukaandika jina lake kwa Oswald, tukachora kwa mkono ganda la iliki lililopasuka, tukaligeuza kuwa mchoro safi kwa Inkscape, programu ya bure ya kompyuta, na kulihifadhi kama SVG. Kwenye "00 CHAPA" tuliweka nembo mara mbili: ya rangi na ya wino mmoja.

Akitaka kubadilisha kitu, na siku itafika, mabadiliko yanaanzia kwenye ukurasa huo na tarehe yake inaandikwa pembeni. Kisha yanaingia kwenye violezo vitatu kwa siku moja. Lebo za zamani zilizokwisha kuchapwa zinatumika mpaka ziishe, maana zimelipiwa. Ila haziruhusiwi kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni tena. Alipoongeza tangawizi ya unga mwaka huu, swali lake la kwanza lilikuwa ipewe rangi gani. Tangawizi haikupewa rangi mpya. Jina lake liliandikwa kwenye ukanda uleule wa manjano, na picha ya tangawizi ikakaa kwenye mraba ambao jana ulikuwa na iliki.